Kadi ya shukrani kwa Mwalimu Rehema

Mwalimu Rehema mpendwa,

Pokea salaam nyingi kutoka kwangu na kwa baba yake Baraka. Mwaka wa masomo umekwisha na shule inafungwa, nasi hatukutaka likizo ianze kabla hatujakuandikia. Asante za getini tumekupa mara nyingi, lakini pale getini wazazi ni wengi, watoto wanavuta mikono, na wewe una daftari kwapani unazokwenda kusahihisha. Mambo tunayotaka kukushukuru yanahitaji utulivu kidogo. Ndiyo maana kadi imejaa pande zote mbili na karatasi imeongezwa ndani yake. Utatuvumilia, Mwalimu.

Naanza na kusoma, kwa sababu huko ndiko ulikomwokoa mwanetu.

Baraka alipoingia darasa lako la pili, kila mtu alijua kwamba anasoma. Alikuwa akifungua kitabu, anapitisha kidole chini ya mstari, na hadithi inatoka yote bila kukwama. Hata sauti alikuwa anaipandisha na kuishusha panapostahili. Wewe hukuridhika na sauti nzuri. Ulimwekea kidole katikati ya ukurasa, ukamwomba akwambie neno lile ni lipi. Uliponieleza yaliyofuata nilikusikiliza kwa makini, na mpaka leo nayaona kama nilikuwepo: mtoto alinyamaza, kisha midomo yake ikaanza kucheza polepole. Alikuwa anairudia hadithi kutoka mstari wa kwanza, kimoyomoyo, mpaka alifikie neno ulilolionyesha. Kitabu kizima alikuwa amekihifadhi kwa kuwasikiliza wenzake.

Mtoto mwenye kumbukumbu kali namna ile anaweza kupita madarasa bila mtu kushtuka, hadi siku atakapopewa maandishi ambayo hajawahi kuyasikia. Siku hiyo ingekuja akiwa amekwisha kuwa mkubwa, na aibu yake ingekuwa kubwa zaidi. Wewe ulimwona mapema, katika darasa lililojaa watoto, wengine wakiwa na shida zinazopiga kelele kuliko ya kwake. Mtoto mtulivu anayepata vema ndiye rahisi kumpita. Hukumpita.

Halafu namna ulivyotuita. Mzazi akisikia mwalimu anamtaka, moyo unaruka. Ulituketisha, na neno lako la kwanza lilikuwa kwamba Baraka ana akili nyepesi, ndiyo maana ameweza kufika alipofika kwa masikio peke yake. Ndipo ukatueleza tatizo. Hukusema mtoto ni mvivu, hukutafuta wa kulaumiwa. Ulisema, "Tunaanza upya, na atafika." Baba yake aliingia pale akiwa amekunja uso, akatoka anakuuliza anunue daftari la aina gani.

Na kweli ulianza upya, kutoka kwenye irabu. Kila asubuhi kabla ya kengele ya kwanza ulimketisha karibu na meza yako, wewe na yeye, mkapitia silabi. Alikuwa anachanganya b na d, kwa hiyo "baba" kwake ilikuwa "dada" na "dada" ikawa "baba". Wengi wangemwambia tu aangalie vizuri. Wewe ulimfundisha kuanzia kwenye mkono: ukiandika b, fimbo inakuja kwanza, tumbo baadaye, ukiandika d, tumbo linakuja kwanza, fimbo baadaye. Ulimwandikisha hewani kwa kidole, kisha kwenye vumbi, kisha kwenye karatasi. Nyumbani tulimkuta anachora fimbo na tumbo juu ya paja lake akiwa anasubiri chakula, na tukajua kazi inaendelea.

Silabi nyepesi zilipokaa sawa ukamsogeza kwenye zile zinazobana ulimi: mbw, nyw, ng'w. Alikuwa akiliona neno "mbwa" anasimama kabisa. Ukamwonyesha kwamba haina haja ya kuzihesabu herufi moja moja, bali azichukue pamoja kama pumzi moja. Nakumbuka jioni aliporudi akitamka "nywele, nywa, nyweshea" toka mlangoni hadi chumbani. Hapo nilikaa chini nikacheka kwa furaha, kwa sababu hayo hakuna aliyemsomea. Aliyatoa mwenyewe kwenye karatasi uliyomwandikia kwa mkono wako.

Kuna jambo lingine ambalo pengine wewe unaliona dogo. Kwa kipindi chote hicho hukumsimamisha mbele ya darasa asome. Zamu yake ilipofika ulimpa kazi nyingine: kugawa daftari, kufuta ubao, kushika chati. Wenzake hawakujua chochote. Ulisubiri mpaka siku aliyokwambia mwenyewe kwamba anataka kujaribu, ukampa aya fupi ya hadithi mpya kabisa, na alipokwama kwenye neno moja ulinyanyua mkono kuwazuia wale waliotaka kumsaidia. Ukamwacha alitafute. Akalipata. Alipotueleza, hakueleza kwamba alisoma vizuri, alieleza kwamba "Mwalimu alinisubiri." Sijui kama kuna sifa kubwa kuliko hiyo kwa mwalimu, maana kusubiri mbele ya darasa zima, huku saa inakwenda na somo halijaisha, ni kazi ngumu mno.

Hesabu nitazieleza kwa ufupi, ingawa nazo zinastahili kadi yake. Kutoa kwa kukopa kulikuwa kunamliza. Ukitaka 52 kutoa 27, alikuwa anaandika 35, kwa sababu kwake 2 na 7 ni lazima ndogo itoke kwenye kubwa, iwe juu au chini. Ulimletea vijiti vilivyofungwa kumi kumi, ukampa mafungu 5 na vijiti 2, ukamwambia akupe 27. Vijiti 2 havikutosha kutoa 7. Akakutazama. Ukamwambia afungue fungu moja. Akapata vijiti 12, akatoa 7, vikabaki 5. Mafungu yaliyobaki 4 akatoa 2, yakabaki 2. 25. Tangu siku hiyo neno "kukopa" likawa na maana kwake, kwa sababu alilifungua fungu kwa mikono yake. Mimi nilisoma hesabu hizo hizo utotoni kwa kukariri, na kwa kweli nimezielewa vizuri zaidi kwa kumwangalia Baraka sakafuni na vijiti vyake.

Halafu daftari zako, Mwalimu. Nimezihifadhi zote. Palipo na kosa hukupiga mkasi tu ukapita, umeandika neno moja au mawili ya kumwonyesha njia: "Anza na mamoja." "Soma tena mstari wa pili." "Hapa umefikiri vizuri, malizia." Ukizidisha maneno hayo kwa darasa zima na kwa masomo yote, unapata usiku mwingi ambao ulikuwa wa mapumziko yako. Tunajua kwamba saa hizo hazionekani kwenye ratiba yoyote, na kwamba umekuwa ukizitoa mbali na familia yako. Tafadhali wafikishie nao shukrani zetu, maana wametuazima mtu wao.

Sijasahau ule wakati Baraka alipofiwa na babu yake akarudi shuleni hasemi na mtu. Hukumlazimisha kuchangamka. Ulimpa kiti cha dirishani, ukaniandikia karatasi fupi kwamba amekula na ametabasamu mara moja. Karatasi ile niliisoma nikiwa kazini, na nikaweza kumaliza siku.

Sasa nikupe habari za nyumbani, kwa sababu mwalimu hupanda na mara nyingi mavuno huliwa mahali asipoona. Baraka anasoma kila kitu. Anasoma maandishi ya kwenye sabuni, kwenye mfuko wa unga, kwenye karatasi ya dawa. Tukiwa safarini anasoma mabango mpaka abiria wanageuka. Bibi yake, ambaye macho yake sasa ni hafifu, humwita jioni amsomee barua na ujumbe wa simu, naye huketi wima na kukohoa kwanza kama mtu mzima. Na mdogo wake amekwisha anza kufundishwa. Ameambiwa b ni fimbo kwanza, tumbo baadaye. Mtoto huyo hata shule hajaanza, lakini tayari ni mwanafunzi wako.

Tulimuuliza Baraka tukuandikie nini kwa niaba yake. Alifikiri sana, kisha akakataa tusimwandikie. Akasema ataandika mwenyewe. Utaona mistari yake chini ya jina langu. Hatukumsahihisha hata herufi moja, na baba yake alizuiwa kabisa kusogea karibu na meza.

Mwakani anahamia darasa la tatu kwa mwalimu mwingine. Tumemwambia kwamba kubadilisha mwalimu ni sehemu ya kukua, na kwamba huyo mpya naye anastahili adabu ile ile. Ameelewa, ila ametoa ahadi kwamba kila asubuhi atapita mlangoni kwako kukuamkia kabla ya kwenda kwake. Ukimwona anachungulia, mwitikie tu aende zake, asije akachelewa. Nasi wazazi wake bado ni watu wako: ukiwa na shughuli ya darasa inayohitaji mikono, kufunika vitabu, kutengeneza chati, kuwasimamia watoto kwenye ziara, nitumie ujumbe. Nasema hivyo kwa dhati, hata kama Baraka hayupo tena kwenye orodha yako.

Umefanya kazi kubwa kwa mtoto wetu, na umeifanya kwa upole. Mungu akulipe kheri, akupe afya, na akuzidishie subira hiyo uliyonayo kwa watoto wanaokuja. Likizo hii pumzika kweli. Lala mpaka jua lipande, na daftari zisionekane karibu.

Kwa heshima na shukrani nyingi,

Mama Baraka, pamoja na Baba Baraka

*

Shikamoo Mwalimu Rehema. Mimi ni Baraka. Asante kwa kunifundisha kusoma na kutoa kwa kukopa. Nimesoma hadithi mpya mbili na sikumuuliza mtu. Moja ina neno ng'wafua nimelisoma mwenyewe. Likizo nitamfundisha mdogo wangu irabu zote. Shule ikifunguliwa nitakuja kukuamkia. Usimpe mtu mwingine kazi ya kufuta ubao mpaka nije kukuaga.