Kabla ya Kumfungua Kitereza: karatasi ya maandalizi

Kundi la jioni, Kiswahili kwa wageni, Mwanza. Kazi ya Jumanne na Alhamisi.

Jumanne msije na kitabu. Kundi lililopita niliwapa kurasa za mwanzo bila maandalizi yoyote, na nusu saa baadaye darasa zima lilikuwa limekwama kwenye neno "mkwewe", kila mmoja anapekua kamusi asilione. Kosa lilikuwa langu. Safari hii tunaanzia nje ya kitabu.

Mwandishi na kisiwa chake

Aniceti Kitereza alizaliwa mwaka 1896 Ukerewe, kisiwa ambacho abiria wake mnawaona bandarini hapa wakipanda meli ya Nansio. Riwaya ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka aliiandika kwa Kikerewe, akaimaliza mwaka 1945. Hakupata wa kuichapa. Mwishowe akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikatolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1980. Mwaka uliofuata akafariki.

Kwa hiyo Kiswahili mtakachosoma kimeandikwa na mtu ambaye naye Kiswahili hakikuwa lugha yake ya kwanza, kama ninyi. Mkikuta anasimamisha hadithi ili aeleze dawa au namna ya kumkaribisha mgeni, msidhani mmepotea njia. Ndivyo anavyosimulia, na ni makusudi: alitaka vijana wa Ukerewe wasisahau mambo ya wazee wao.

Zoezi la 1: maneno yaliyobebana

Mtaani tunasema "mume wake". Kitabuni mtakutana na "mumewe". Andikeni kwa urefu: mkewe, mwanawe, babaye, nduguze, mkwewe. Halafu mgeuze hizi zangu ziwe fupi:

Ndugu zake walimcheka.
Alimfuata mke wake kwa wazazi.
Mtoto alimlilia mama yake.

Hilo tu. Mkilishika, nusu ya ugumu wa ukurasa wa kwanza imekwisha.

Zoezi la 2: nani ni nani

Hapa tutakaa sana. Chora mke na mume katikati ya karatasi, kisha uwapange watu hawa pande mbili: mkwe, mavyaa, wifi, shemeji, mkaza mwana. Angalieni mtego: "mkwe" huenda pande zote. Baba wa mke ni mkwe wangu, nami ni mkwe wake. Mavyaa ni mama wa mume, na wifi ni dada wa mume kwa mke, na mke kwa dada wa mume. Neno lisilo na nafasi kwenye mchoro wako, liulizie kwa jirani wa Kiswahili, si kwa simu.

Zoezi la 3: maneno yanayouma

Mgumba. Tasa. Kizazi. Mahari. Kurudi kwao.

Mgumba ni mtu asiyezaa. Tasa pia, ila neno hili hutumika hata kwa mnyama, ndiyo maana likimwangukia mwanamke linachoma zaidi. "Amerudi kwao" kwa mwanamke aliyeolewa si safari ya kusalimia. Ni habari nzito, na mtu akiisema mbele yako, shusha sauti.

Sasa hali yenyewe. Mume na mke wanapendana, lakini hawana mtoto. Ndugu wa mume wanamtukana mke. Wazazi wake wanasikia, wanakuja kumchukua binti yao. Nusu ya darasa muwe upande wa mke, nusu upande wa mume. Dakika kumi: mume amekuja kumwomba mkewe. Wakwe wadai nini ili heshima irudi? Mume ajitetee vipi bila kuwatupia lawama ndugu zake? Tumieni "naomba radhi", "tumekosa", "mtuwie radhi", "tutozeni". Kidokezo kimoja: zamani hizo visiwani, pombe ya ndizi ilikuwa na kazi kubwa kuliko kulewesha.

Sista aliyejiunga mwezi huu aliniuliza kama si kuvunja utamu kuwaambia haya mapema. Hapana. Kichwa kamili cha riwaya kinawataja Ntulanalwo na Bulihwali, watoto wa Myombekere na Bugonoka, kwa hiyo mwandishi mwenyewe ameshatoboa siri. Hatusomi ili tujue kama watazaa. Tunasoma tuone njia waliyopita.

Kazi ya nyumbani

Nenda mwaloni Kirumba, au sokoni, au muulize dereva wako wa bodaboda: kuna Mkerewe hapa? Ukimpata, msalimie kwanza, ongea habari za samaki, za mvua, ndipo uombe akueleze maana ya majina Ntulanalwo na Bulihwali. Andika anachosema kwa maneno yake, hata kama wawili watatofautiana. Ukiambiwa kwamba majina kama hayo hawapewi watoto bila sababu, uliza sababu.

Alhamisi saa kumi na moja njoo na jibu hilo, mchoro wa ukoo, na kitabu. Tutaanza kwa kusoma kwa sauti, nami nitasoma wa kwanza.