Maombi ya Kubadilisha Matumizi ya Kiwanja kutoka Makazi kuwa Makazi na Biashara Ndogo

Mwanaidi Athumani Shelukindo,
Kiwanja Na. 214, Kitalu "C",
Kata ya Mwanzange,
Tanga.

18 Agosti 2025

Mkurugenzi wa Jiji,
Halmashauri ya Jiji la Tanga,
Tanga.
(Kwa Afisa Mipango Miji)

Kupitia: Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa na Afisa Mtendaji wa Kata, Mwanzange.

Ndugu Mkurugenzi,

KUH: MAOMBI YA KUBADILISHA MATUMIZI YA KIWANJA NA. 214 KITALU "C", MWANZANGE, KUTOKA MAKAZI PEKEE KUWA MAKAZI NA BIASHARA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkazi wa Mwanzange na mmiliki, pamoja na mume wangu Bwana Hamisi Juma Kombo, wa kiwanja kilichotajwa hapo juu, ambacho tunakimiliki kwa hati ya miaka 33 iliyoanza tarehe 1 Julai 2011. Kiwanja kina upana wa mita 20 na urefu wa mita 25, sawa na mita za mraba 500, na masharti ya hati yanaeleza kuwa kitatumika kwa makazi peke yake. Naomba Halmashauri, ikiwa ndiyo mamlaka ya upangaji chini ya Sheria ya Mipangomiji, Sura ya 355, itoe idhini ya kubadilisha matumizi hayo yawe makazi na biashara, ili sehemu ndogo ya mbele ya nyumba yetu itumike kwa ushonaji na kuuza vitambaa, huku sehemu nyingine yote ikibaki kuwa makazi ya familia kama ilivyo sasa.

Ninachokusudia ni fremu mbili tu. Chumba cha mbele upande wa kushoto, chenye mita za mraba 14, kitakuwa cha ushonaji na kitabeba vyerehani vinne na mashine moja ya overloki; chumba cha pili, ambacho leo ni stoo ya mita za mraba 9, kitauza vitambaa, uzi, zipu na vifungo. Kwa pamoja ni mita za mraba 23. Hakutakuwa na ghorofa wala jengo jipya, na kuta za nje hazitasogea. Badiliko pekee la jengo ni kutoboa mlango mmoja na kupanua dirisha moja yaelekee barabarani, nami natambua kuwa kazi hiyo inahitaji kibali chake cha ujenzi, ambacho nitakiomba baada ya uamuzi wa maombi haya na si kabla yake.

Ni haki nikiri jambo moja mapema, kwa kuwa afisa atakayekuja kukagua ataelezwa na yeyote atakayemuuliza pale mtaani. Tangu mwaka 2022 nimekuwa nikishona kwa cherehani kimoja hapo barazani, kazi ya kupunguza suruali, kutia viraka na kushona madera ya majirani, na wakati huo sikuiona kuwa ni biashara ya kuombewa idhini. Kazi imekua. Mwezi Desemba na Januari, wazazi wanapotafuta sare za shule, baraza haitoshi, wateja wanakaa kwenye ngazi, na turubai nililokuwa nikilitandaza kwa ajili ya kivuli lilifika hadi kwenye hifadhi ya barabara. Turubai hilo nimeliondoa tangu mwezi Juni na halitarudi. Nimeona ni bora kuiweka shughuli hii ndani ya nyumba na ndani ya sheria, nipate leseni ya biashara inayolingana na hati yangu, kuliko kuendelea kuikuza barazani.

Kuhusu haja ya huduma hii, wakazi wengi wa upande wetu hulazimika kwenda Ngamiani kwa mafundi, na kwa mama mwenye watoto watatu wa kupimwa sare, nauli ya bajaji kwenda kupima na kwenda kuchukua hukaribia gharama ya kushona sare moja. Katika barabara yetu tayari kuna duka la vyakula kwenye kona na mashine ya kusaga nafaka. Sisemi kwamba kwa kuwa wengine wapo basi nami niruhusiwe, maana sijui idhini zao zikoje na si kazi yangu kuzikagua. Ninachoeleza ni hali halisi ya eneo, ili Halmashauri ipime kama fremu mbili za ushonaji zitabadilisha tabia ya mtaa.

Nimezungumza na majirani wote wanaopakana nami. Wawili walikubali bila masharti. Wa tatu, ambaye chumba chake cha kulala kinapakana na chumba ninachotaka kukifanya cha ushonaji, alipinga mwanzoni, na hoja zake zilikuwa za msingi: mlio wa mashine usiku, pikipiki za wateja kuegeshwa mbele ya lango lake, na moshi wa vipande vya vitambaa ambavyo, ni kweli, niliwahi kuvichoma uani. Tulikaa naye mbele ya Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa tarehe 27 Julai 2025, tukaandikiana kwamba mashine zitafanya kazi kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni na si zaidi hata msimu wa sare. Kwamba nitaacha mita 5 za upande wangu wa mbele zikiwa wazi kwa ajili ya maegesho. Na kwamba mabaki ya vitambaa yatawekwa kwenye magunia na kutolewa pamoja na taka za mtaa, bila kuchomwa. Makubaliano hayo nimeyaambatisha, nami sina pingamizi Halmashauri ikiyafanya kuwa sehemu ya masharti ya idhini.

Shughuli hii haitoi majitaka ya ziada zaidi ya choo, na choo cha nje kilichopo, chenye shimo lake, kitatumiwa na wateja na mafundi wawili nitakaowaajiri. Kwa kuwa vitambaa hushika moto upesi, nitaweka kizimamoto katika kila fremu, na pasi zitatumika kwenye meza moja tu iliyo mbali na rafu.

Naelewa kwamba tangazo la kusudio hili litatakiwa kutolewa ili mwenye pingamizi apate nafasi ya kulieleza, na niko tayari kulipia tangazo hilo na kubandika bango kwenye kiwanja kwa muda utakaoelekezwa. Naelewa vilevile kwamba idhini ikitolewa, masharti ya hati yatarekebishwa chini ya Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, na kodi ya pango la ardhi inaweza kupanda. Mume wangu naye analielewa hilo, na ametia saini ya ridhaa hapa chini.

Pamoja na barua hii naambatisha nakala ya hati miliki, nakala ya ramani ya upimaji, risiti ya kodi ya pango la ardhi ya mwaka wa fedha 2025/2026, mchoro wa nyumba unaoonyesha vyumba hivyo viwili na maegesho, picha nne za mbele ya kiwanja, barua ya Serikali ya Mtaa, maoni ya maandishi ya majirani watatu, makubaliano ya tarehe 27 Julai, na nakala za vitambulisho vyetu vya Taifa.

Naomba nijulishwe siku ya ukaguzi ili niwepo mwenyewe kufungua vyumba na kuonyesha mipaka. Bikoni ya kona ya nyuma imefunikwa na mchongoma, nami nitakuwa nimeufyeka.

Wako mtiifu,

Mwanaidi Athumani Shelukindo
Mwombaji na mmiliki mwenza

Nimesoma maombi haya na ninayaridhia:

Hamisi Juma Kombo
Mmiliki mwenza