Malalamiko dhidi ya muuzaji wa friza aliyekataa waranti ya maandishi

Mbagala Rangi Tatu,
Dar es Salaam.
12 Mei 2025

Mkurugenzi Mkuu,
Tume ya Ushindani (FCC),
Dar es Salaam.

Ndugu,

YAH: MUUZAJI KUKATAA KUTEKELEZA WARANTI YA MIEZI 24

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni muuza samaki. Tarehe 14 Juni 2024 nilinunua friza ya lita 300 kwenye duka moja la Kariakoo kwa shilingi 1,150,000, fedha niliyopata zamu yangu ya mchezo ilipofika. Nilipewa risiti ya EFD na kadi ya waranti ya miezi 24, yenye mhuri wa duka na namba ya friza. Jina la duka limo kwenye risiti niliyoambatisha.

Tarehe 3 Machi 2025 friza iliacha kugandisha. Injini inanguruma, baridi hakuna. Nilipoteza kilo 38 za vibua na changu. Kesho yake nilikwenda dukani na kadi mkononi. Muuzaji, bila kuja kuitazama friza, akasema umeme wa kwetu ndio umeiunguza, na kwamba waranti haihusu umeme. Nilimweleza kuwa friza imechomekwa kwenye friji gadi niliyouziwa na yeye mwenyewe siku ileile. Imo kwenye risiti hiyohiyo.

Nilimsihi mpaka tarehe 11 Machi akamtuma fundi wake. Naomba Tume isome karatasi ya fundi huyo kwa makini, kwa kuwa ndiyo kiini cha malalamiko haya. Ameandika kwa mkono wake kuwa kompresa ni nzima, na gesi imevuja kwenye bomba lililofunikwa ndani ya ukuta wa friza. Bomba hilo halifikiwi bila kuupasua ukuta, na ukuta haujaguswa. Mimi siwezi kulitoboa, wala umeme haulitoboi.

Nilipoipeleka karatasi hiyo, muuzaji aliacha hoja ya umeme. Sasa akaniambia nimtafute aliyeingiza mzigo nchini, kisha akanionyesha maneno yaliyo chini ya risiti: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Lakini kadi inasema duka ndilo litakalotengeneza au kubadilisha, na mhuri ni wa duka. Sikununua kwa mwagizaji. Tarehe 7 Aprili nilimpelekea barua, msaidizi wake akaipokea na kusaini. Hadi leo hajajibu.

Naiomba Tume, kwa mamlaka iliyopewa na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ya kumlinda mlaji, imwite muuzaji huyu anibadilishie friza au anirudishie fedha yangu yote. Kuijaza gesi tu sitakubali, kwa sababu itavuja tena. Naomba pia maneno hayo ya kwenye risiti yachunguzwe. Nimewaona wateja wengine wakirudishwa kwa maneno hayohayo.

Friza ipo nyumbani, haijafunguliwa na fundi mwingine yeyote. Niko tayari ikaguliwe siku yoyote mtakayopanga.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwanahamisi
Mlalamikaji

Viambatisho: nakala za risiti, kadi ya waranti, karatasi ya fundi, na barua ya 7 Aprili yenye saini ya mpokeaji.