Ombi la peislipi na rekodi za mshahara wangu

Kondele, Kisumu
14 Julai 2025

Kwa Mama Bosi,

Shikamoo Mama. Najua tunaonana kila asubuhi na ningekuambia tu pale kaunta, lakini hii maneno nimeuliza kwa mdomo mara tatu, mara mbili kwa karani na mara moja kwako ile siku mlikuwa mnapakia gari ya Ahero, na kila mara naambiwa ngoja kidogo. Ndio maana nimeamua kuandika.

Nilianza kazi hapa bekari tarehe 6 Machi 2023, upande wa kupaki mkate, na tangu hiyo siku mpaka leo sijawahi shika peislipi hata moja. Pesa inaingia kwa M-Pesa, meseji inasema kiasi na jina la mwenye ametuma, basi. Haisemi ni ya mwezi gani wala ni nini imekatwa.

Chukua ya Juni tu. Tulielewana shilingi 18,500 kwa mwezi. Nimekaa chini na kalkuleta: NSSF asilimia 6 ni 1,110, SHA asilimia 2.75 ni 508.75, ushuru wa nyumba asilimia 1.5 ni 277.50. Ukitoa zote nabaki na 16,603.75. Tarehe 4 nikapata 15,800. Hiyo 803.75 imeenda wapi? Karani anasema eti ni mikate iliyoungua ile usiku stima ilipotea ikarudi. Mama, mimi sikuwa zamu ya oveni hiyo usiku, na hata ningekuwa, sheria ya ajira ya 2007 kifungu cha 19 inaruhusu kukata kitu kiasi kwa hasara kama mfanyakazi aliharibu kwa makusudi, na stima kupotea si makusudi ya mtu. Lakini sitaki tubishane juu ya mikate, nataka iandikwe. Kama ni makato yaitwe makato, na sababu yake iwe hapo.

Kifungu cha 20 kinasema mwajiri ampe mfanyakazi karatasi ya mshahara wakati wa kulipa au kabla, ikionyesha mshahara mzima, kila makato na sababu yake, na kile kinabaki. Najua karani atasema mimi ni kibarua na vibarua hawahesabiki hapo. Ni kweli kibarua ameachwa nje, lakini mtu amefanya siku mfululizo zikafika mwezi, kifungu cha 37 kinamtoa kwa ukibarua, na mimi nimepita miaka miwili.

Sababu ya haraka ni sako. Nimeomba mkopo wa fizi ya kijana, anaingia muhula wa tatu, wakaniambia nilete peislipi za miezi tatu. Niliwaonyesha meseji za M-Pesa wakacheka, wakasema hii hata ndugu yako anaweza kukutumia. Tena nimetoa stetimenti ya NSSF, kuna miezi tupu hapo katikati na mimi nilikuwa kazini. Labda zilichelewa tu, sijui, rekodi ndio zitasema.

Sasa rekodi yenyewe ni ile kauntabuku ya kijani inakaa chini ya mizani, Mama unaijua, kurasa za Novemba zimeshikana juu ya mafuta ya kupaka trei za mkate na huwezi kusoma jina la mtu. Kifungu cha 74 kinataka mwajiri aweke rekodi ya kila mfanyakazi, na yale masharti ya kazi yaliyoandikwa yanawekwa miaka mitano hata baada ya mtu kuondoka. Ikifika kortini na hakuna karatasi, ni mwajiri ndiye anaulizwa athibitishe vile mlielewana, si mfanyakazi. Kwa hivyo hiyo kitabu ikilowa mafuta ni wewe inakuumiza kwanza. Kesho mtu mwingine akija aseme alikuwa analipwa elfu 25, utamjibu na nini?

Naomba basi peislipi za Machi 2023 hadi Juni 2025, kopi ya kurasa zangu kwa hiyo kauntabuku na za ovataimu ya Disemba, na risiti za NSSF na SHA zenye jina langu. Kama zote ni kazi kubwa anza na Aprili, Mei na Juni nipeleke sako, zingine nipate kufikia tarehe 28 Julai. Ikipita hapo nitaenda ofisi ya leba watusaidie, na ningependa tusifike huko juu umenilea vizuri hapa, ile wiki nilifiwa hukukata hata siku moja.

Nimeleta kopi mbili. Moja ni yako, hiyo ingine nisainie na uweke tarehe nibaki nayo.

Ni mimi,
Auma, wa kupaki, zamu ya asubuhi