Malalamiko dhidi ya wakala wa forodha: kupunguza thamani ya mzigo, risiti ya kughushi na kuzuia fedha za kodi

Ndeeba, Kampala
17 Machi 2025

Kwa Mwenyekiti,
Bodi ya Nidhamu ya Mawakala wa Forodha,
Kampala

Mheshimiwa Mwenyekiti na wajumbe,

Mimi ni mfanyabiashara wa vipuri vya bodaboda hapa Ndeeba. Ninamlalamikia wakala aliyenikliria kontena moja la futi 20 kutoka bandari ya Mombasa. Jina lake, la kampuni yake na namba ya leseni yake viko kwenye fomu ya malalamiko pamoja na jina langu na simu yangu. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu mapatano na ujumbe wetu wote ulikuwa kwa Kiswahili, nisingependa neno lake lolote lipotee njiani.

Tulitia saini mapatano tarehe 4 Februari 2025 (Kielelezo A). Ada yake ilikuwa shilingi 900,000, nami nikamlipa siku hiyohiyo. Usafiri haukuwemo: dereva wa lori nilimlipa mwenyewe. Nilimkabidhi ankara ya muuzaji. Thamani ya mzigo pamoja na nauli na bima ni dola 14,000 (Kielelezo B).

Tarehe 11 Februari aliniandikia kwamba kodi zote ni shilingi 19,217,000. Nikaziweka siku hiyo kwenye akaunti ya kampuni yake; hati ya benki ni Kielelezo C. Tarehe 13 Februari akanitumia picha ya risiti yenye kiasi hichohicho na neno kwamba kimelipwa (Kielelezo D). Kuanzia hapo majibu yakawa ya aina moja: “Mzee, sistimu imelala, vumilia kidogo.” Kontena likabaki Mombasa, storeji ikihesabika kwa dola.

Tarehe 28 Februari niliingiza namba ya malipo iliyo kwenye risiti ile katika tovuti ya URA. Namba ni ya kweli. Kiasi ndicho kilichobadilishwa: tovuti ilionyesha shilingi 13,177,344, tena hazijalipwa (Kielelezo E, picha ya skrini yenye tarehe na saa). Nilipompigia hakubisha, alisema tu atashughulikia. Malipo yalifanyika tarehe 3 Machi, na kontena likatoka bandarini tarehe 6.

Hata hivyo, tofauti ya shilingi 6,039,656 siyo inayoniumiza zaidi. Nilipopata nakala ya tamko la forodha (Kielelezo F) nikakuta ametangaza thamani ya dola 9,600, na ankara iliyoambatanishwa si ile niliyompa. Kwa maneno mengine, mimi alinitoza kodi ya thamani halisi, serikali akailipa ya thamani ya uongo, kilichobaki akakitia mfukoni. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 haimwachii mwenye mzigo aseme “ni wakala wangu”. Matendo ya wakala yanamfuata mwenye mali. Kwa hiyo jina langu ndilo limeandikwa kwenye uongo huo. Tarehe 7 Machi niliwaandikia URA kueleza hali yote na kuomba tamko lirekebishwe. Nakala yenye mhuri wa kupokelewa ni Kielelezo G.

Nilimdai kwa barua tarehe 10 Machi. Jibu lake la tarehe 12 lilikuwa mstari mmoja: “Hiyo ni gharama ya barabarani, mzee, unajua kazi yetu.” (Kielelezo H.) Hakuna risiti hata moja ya gharama hiyo. Mimi siijui kazi ya namna hiyo, na sidhani Bodi inaijua.

Ninaomba Bodi imwamuru arudishe shilingi 6,039,656, ambazo nitazipeleka URA tamko likisharekebishwa, maana ni fedha za kodi na si zangu. Arudishe pia ada ya shilingi 900,000. Ankara ya storeji ni dola 1,120 (Kielelezo I), lakini nadai 990 tu. Dola 130 ni za siku ambazo kodi ilikuwa imelipwa na lori langu ndilo lililochelewa. Adhabu yoyote itakayotozwa na URA kwa sababu ya tamko lile aibebe yeye.

Kuhusu uanachama wake, naomba asimamishwe wakati shauri likisikilizwa, na uamuzi wenu upelekwe kwa ofisi ya forodha inayotoa leseni, ambazo huisha kila tarehe 31 Desemba, kabla hajaomba nyingine.

Niko tayari kufika mbele yenu na simu yenye ujumbe wote, bila kufutwa hata mmoja. Naomba kupokea barua ya kuthibitisha shauri limesajiliwa ifikapo tarehe 7 Aprili 2025. Nisipoipata, nitalipeleka suala la risiti ya kughushi polisi bila kusubiri zaidi.

Wenu mtiifu,
Mlalamikaji

Nakala: Idara ya Forodha, Mamlaka ya Mapato ya Uganda