Muhtasari kwa kamati: Kihansi, sura ya maji na viumbe

Hoja kuu ya sura hii: kuchepusha maji kwa ajili ya umeme (megawati 180) kuliua manyunyu ya maporomoko yaliyolowanisha makazi ya vyura wa Kihansi, ambao asili yao ni korongo la Mto Kihansi, Tanzania, tu.

Ushahidi: mwaka 2000 mtiririko korongoni ulipungua kwa takriban asilimia 90. Vyura walikuwa wamegunduliwa 1996, ujenzi ukiendelea, kwa hiyo tathmini ya awali haikuwahesabu. Kwangu hili ndilo kosa zito kuliko yote. Vinyunyizio vya bandia vilisaidia, lakini mwaka 2003 vyura waliporomoka tena. Fangasi wa ngozi alikutwa kwao. Viuatilifu navyo vinashukiwa, ila sura haithibitishi, tusiandike kama hakika. Mwaka 2009 walitangazwa kutoweka porini. Waliookolewa ni wale waliopelekwa kuzalishwa Marekani, na kuanzia 2012 wakaanza kurudishwa.

Mapendekezo: maji ya lazima yaachwe mtoni, vinyunyizio vitunzwe, na kila anayeingia korongoni asafishe viatu kwa dawa ili asieneze fangasi. Kilimo cha juu ya mto kimetajwa kwa sentensi moja. Tuombe maelezo zaidi.