Muhtasari wa Barua za Askari wa KAR kwa Kaka Yake wa Bombo, 1943–1946

Fungu hili lina barua 23 za Kiswahili, zilizoandikwa na kijana wa Kinubi wa Bombo, Uganda, aliyekuwa askari wa KAR, yaani King’s African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, na kuhifadhiwa na kaka yake katika kasha la bati. Familia imeomba majina yasitajwe, kwa hiyo humu wanaitwa mwandishi na kaka. Maneno yaliyo ndani ya alama za kunukuu ni yake mwenyewe. Ninapokisia, nimesema “yaelekea”.

Matukio

Barua ya kwanza, ya Agosti 1943, imetoka Mombasa, mwandishi akisubiri meli. Nane zinazofuata zimetoka Seloni, yaani Sri Lanka ya leo, nazo zinarudia mambo yale yale: mazoezi ya msituni, homa, na swala ya Ijumaa chini ya minazi. Katika ile ya Machi 1944 anaandika kwamba “wenzetu waliotufuata baharini hawakufika”. Yaelekea anaikusudia meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo na kuzamishwa na nyambizi ya Kijapani tarehe 12 Februari 1944, ikiwa na mamia ya askari wa Afrika Mashariki.

Kuanzia Agosti 1944 yuko Burma. Hataji mahali, kwa kuwa kila barua ilipita mikononi mwa mkaguzi wa jeshi, lakini bonde lenye mvua isiyokatika na tope “linalomeza nyumbu hadi tumbo” yaelekea ni Bonde la Kabaw, ambako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliwasukuma Wajapani hadi kuuteka mji wa Kalewa mwanzoni mwa Desemba. Tarehe 19 Desemba anasimulia alivyovuka mto mpana juu ya daraja linaloelea. Huo yaelekea ni mto Chindwin. Mwaka 1945 wote anauandikia India, na barua ya mwisho, ya Machi 1946, imetoka tena Mombasa.

Hisia

Hofu ameitaja mara moja tu, na si ya risasi bali ya kuzikwa mahali ambapo hakuna wa kumsomea Yasini. Uchungu wa mshahara unaonekana katika barua tatu, kila mara kwa ufupi, kwamba mzigo anaoubeba ni ule ule wa askari Mzungu lakini malipo si sawa. Jambo linalojirudia kuliko yote ni mama. Anauliza kama bado anasuka kawa za kufunikia chakula, rangi gani ametia safari hii, na nani anamletea ukindu, hata msomaji asiyeijua familia hii huanza kumwona mama huyo ameketi barazani na kazi yake magotini.

Barua ya 11, ya tarehe 22 Oktoba 1944, inahitaji maelezo zaidi. Mkaguzi amekata kwa wembe jina la mahali na kuacha tundu la upana wa vidole viwili, na kwa kufanya hivyo ameondoa pia maneno yaliyokuwa nyuma ya karatasi. Upande huo sasa unasomeka: “Mwambie mama kwamba kila usiku”, kisha tundu, kisha “mpaka alfajiri”. Pembeni kaka ameandika kwa penseli: “ninamwota”. Mama hakujua kusoma, na kaka ndiye aliyekuwa akimsomea. Neno hilo nimelihesabu kuwa la kaka, wala sikulitia katika hisia za mwandishi, ingawa sina moyo wa kulifuta.

Marejeo yenye tarehe

Barua 19 zina tarehe kamili. Ile ya tarehe 20 Mei 1945 inataja kusalimu amri kwa Wajerumani, siku 12 baada ya tukio lenyewe. Barua ya Februari 1945 inajibu habari za kaka kuhusu migomo na ghasia zilizotokea Kampala na kwingineko Januari mwaka huo. Ya Oktoba 1945 inasikitikia kuuawa kwa Katikiro, yaani waziri mkuu wa Buganda, Martin Luther Nsibirwa, aliyepigwa risasi Namirembe tarehe 5 Septemba, mwandishi anauliza, “Je, sisi tulio vitani ndio salama?”

Kati ya barua nne zisizo na tarehe, tatu zimepangika kwa mihuri ya bahasha. Ya nne haina bahasha, lakini anasema wameswali Idi ya kumaliza Ramadhani kwenye mvua, turubai likiwa ndio msikiti. Idi hiyo mwaka 1944 iliangukia wiki ya tatu ya Septemba, wakati wa masika ya Burma. Ya 1943 na ya 1945 zilimkuta nje ya Burma. Kwa hiyo nimeiweka kuwa ya 10, mbele ya ile yenye tundu.